Milioni nne na nusu, mstari kwa mstari

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kikundi cha vijana tuliojikusanya kwa lengo la kuinua vipaji na kuwaepusha vijana wenzetu na makundi maovu. Tunatarajia kufanya mashindano ya mpira wa miguu katani kwetu hivi karibuni. Hivyo basi, tunaomba msaada wenu wa hali na mali. Kiasi chochote mtakachojaaliwa tutashukuru. Wenu katika ujenzi wa taifa."

Barua hii ina adabu zake zote. Juu kuna anwani mbili na kumbukumbu namba, chini kuna sahihi ya mwenyekiti na ya katibu, na muhuri wa serikali ya mtaa umegongwa pembeni. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Shida ni kwamba aliyeipokea hana la kufanya nayo. Haambiwi mashindano ni lini, timu ni ngapi, fedha zinazotakiwa ni kiasi gani, zitanunua nini, wala jina la kampuni litaonekana wapi. Kazi yote ya kufikiri ameachiwa yeye, naye ana kazi zake. Jibu lake huwa katoni chache za maji, au kimya.

Tuiandike upya. Tuseme kikundi kina vijana 19 na kiko jijini Tanga, kwenye kata ya makazi kama Makorora au Mabawa. Mashindano ni ya vijana wa chini ya miaka 17. Kampuni inayoandikiwa ni kiwanda cha maji ya chupa kilichopo mjini humo humo. Kikundi na kiwanda ni vya mfano tu, na bei nitakazozitaja ni za kufanyia hesabu. Bei zenu zitatoka kwa mafundi na wauzaji wenu. Ila njia ya kufika kwenye barua inayojibika ni hiyo hiyo, iwe mnaandaa ndondo, bonanza la netiboli au mbio za baiskeli.

Nani anaisoma

Kwenye kampuni ya ukubwa wa kati hakuna idara kubwa ya kushughulikia jamii. Barua inapita mapokezi, inagongwa muhuri, inafika kwa meneja masoko au afisa aliye chini yake. Huyo naye mara nyingi hana mamlaka ya kutoa fedha. Anachoweza ni kuandika dokezo fupi kwenda kwa mkurugenzi, au kulitaja jambo kwenye kikao cha Jumatatu. Mkurugenzi atamuuliza mambo matatu: shilingi ngapi, sisi tunapata nini, na zikipotea tunamshika nani. Kama barua haina majibu, afisa itabidi ayatunge mwenyewe, na hakuna anayetunga majibu ya watu asiowajua. Barua nzuri ni ile ambayo afisa anaweza kunakili aya zake mbili tatu kwenye dokezo bila kuongeza neno.

Kuna jambo la kodi pia, ambalo vikundi vingi havilijui ingawa mhasibu wa kampuni analiwaza tangu aya ya kwanza. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, gharama ambayo kampuni imeitumia kutafuta mapato, na tangazo ni mojawapo, hutolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi. Mchango wa hisani una mlango wake mwingine, mwembamba zaidi: una ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara, na hauhusu kila anayepokea. Kikundi cha mtaani chenye cheti cha halmashauri tu kisitegemee kuupita mlango huo. Kwa hiyo ukiandika "tunaomba msaada", umelipeleka ombi lako kwenye mfuko mdogo wenye masharti. Ukionyesha kwamba kampuni itatangazwa kwa namna inayoweza kuthibitishwa, umelipeleka kwenye bajeti ya masoko, ambayo kila mwaka hutengwa ili itumike.

Ndiyo maana mstari wa kichwa cha habari unabadilika kwanza. Ulikuwa "YAH: MAOMBI YA MSAADA". Sasa unasomeka hivi: "YAH: MAOMBI YA UDHAMINI WA SH. 4,500,000 NA KATONI 54 ZA MAJI KWA MASHINDANO YA VIJANA CHINI YA MIAKA 17, JULAI HADI AGOSTI 8". Ni mrefu, najua. Lakini msomaji ameshajua kila kitu anachohitaji ili aamue kama aendelee kusoma.

Ratiba kabla ya fedha

Hiyo milioni nne na nusu imetoka wapi? Haikutoka kichwani mwa mweka hazina, imetoka kwenye ratiba. Hapa ndipo bajeti nyingi za michezo huharibika, maana watu huanza na kiasi wanachotamani kisha wanatafuta vitu vya kukijaza.

Timu ni 8. Zikigawanywa makundi mawili ya timu nne nne, kila kundi lina mechi 6, jumla 12. Ongeza nusu fainali mbili, mechi ya mshindi wa tatu na fainali, mnapata mechi 16. Zikichezwa mbili kwa siku, mnahitaji siku 8: siku 7 za Jumamosi na Jumapili za mwezi wa Julai, na ya nane ni Nane Nane yenyewe, siku ya mapumziko. Julai inafaa kwa sababu masika ya Tanga yameshapita na uwanja wa shule ya msingi haugeuki dimbwi. Kila kipindi kikiwa dakika 40, mechi ya kwanza ikianza saa 8 na nusu mchana na ya pili saa 10 na nusu, mnamaliza kabla ya giza.

Sasa kila gharama inashika moja ya namba hizo. Waamuzi wanahesabiwa kwa mechi: watatu kila mechi, 20,000 kila mmoja, mara mechi 16, ni 960,000. Mhudumu wa afya na vipaza sauti vinahesabiwa kwa siku. Jezi zinahesabiwa kwa wachezaji: 18 kila timu, timu 8, jumla 144. Mwenye kiwanda akisema fedha hazitoshi, mnajua pa kushika. Mkiacha mfumo wa makundi na kucheza mtoano mtupu, mechi zinashuka hadi 8 pamoja na ile ya mshindi wa tatu, na waamuzi wanashuka hadi 480,000. Jezi hazishuki hata moja. Mtu aliyeandika "waamuzi na gharama nyinginezo: 1,500,000" hawezi kufanya mazungumzo hayo. Ataishia kusema "basi tupeni mtakachoweza".

Maji nayo yanapigiwa hesabu. Kwenye mechi moja kuna wachezaji 36, waamuzi watatu na mtu wa huduma ya kwanza, yaani watu 40. Kila mmoja akipata chupa mbili za nusu lita, ni chupa 80 kwa mechi, 1,280 kwa mechi 16. Katoni ikiwa na chupa 24, ni katoni 54. Msiyatafsiri maji hayo kuwa shilingi. Bei ya kiwandani wanaijua wao, na kwao ni ndogo kuliko mnayoijua ninyi ya dukani.

Kilichomo kwenye barua

Bajeti nzima ya mfano wetu ni 5,470,000. Kiwanda hakiombwi yote. Kikundi kinabeba 970,000: mbuzi wawili wa zawadi 360,000, mipira sita 270,000, chokaa na nyavu 80,000, na akiba ya dharura 260,000. Fedha hizo zinatoka kwenye ada ya timu, 50,000 mara timu 8, na mchango wa wanachama 19, kila mmoja 30,000. Sehemu hii iandikwe kwenye barua waziwazi, na itangulie ile ya kiwanda. Mkurugenzi akiona vijana wameshaingiza mkono mfukoni mwao, swali la nani atawajibika limeshajibiwa nusu.

Nimeiweka dharura upande wa kikundi makusudi. Mhasibu hapendi mstari usio na risiti, na "dharura" upande wa mdhamini ndio mstari wa kwanza kufutwa. Ukifutwa huo, mkono wake unaendelea kutelemka kwenye mistari mingine.

Kinachobaki kinakwenda kwa kiwanda, nacho kinaandikwa hivi:

Jezi 144 zenye nembo, 15,000 kila moja: 2,160,000
Waamuzi 3 kwa mechi, mechi 16: 960,000
Vipaza sauti na mtangazaji, siku 8: 400,000
Mhudumu wa afya siku 8 na sanduku la huduma ya kwanza: 340,000
Kombe moja na medali 40: 300,000
Mabango 4 ya mita 3 kwa 1: 180,000
Mpiga picha, siku 4: 160,000
Jumla: 4,500,000

Mistari saba inatosha. Nimeona bajeti za vikundi zenye mistari thelathini, hadi kalamu na bahasha zimo. Ukiandika kalamu, utajibizana juu ya kalamu. Vitu vidogo viingie kwenye kile ambacho kikundi kinabeba.

Faida inayohesabika

Barua ya kwanza haikuahidi kitu. Vikundi vilivyosogea kidogo huahidi, lakini kwa maneno kama "kampuni yenu itatangazika sana" na "mtajenga uhusiano mwema na jamii". Mkurugenzi hawezi kuja uwanjani akaona kama ahadi hiyo imetimizwa. Ahadi ya udhamini iandikwe kwa namna ambayo mtu mgeni, akipewa barua na daftari, anaweza kukaa uwanjani saa mbili akaweka alama ya vema au ya mkasi mbele ya kila moja.

Kwa kiwanda cha maji, ningeandika hivi: "Nembo ya kiwanda itachapwa kifuani kwenye jezi zote 144, kwa upana wa sentimita 25, na timu zitabaki na jezi hizo baada ya mashindano. Mabango manne yatawekwa siku zote 8, mawili nyuma ya magoli na mawili upande wa uwanja unaotazamana na watazamaji. Mtangazaji atasoma tangazo lenu la maneno yasiyozidi 30 mara nne kila mechi, jumla mara 64. Mwakilishi wenu atakabidhi kombe siku ya fainali. Hatutachukua mdhamini mwingine wa maji wala vinywaji baridi."

Jezi ndiyo faida kubwa kuliko zote hapo. Bango linakunjwa jioni, lakini jezi kijana anaivaa sokoni na mazoezini mwaka mzima. Ndiyo maana inabeba karibu nusu ya fedha, na ndiyo maana sentensi ya "timu zitabaki na jezi" isikosekane. Kuna waandaaji wanaokusanya jezi mwishoni ili wazitumie tena mwakani. Kwa kikundi ni uwekevu, kwa mdhamini ni hasara.

Kila faida mliyoiahidi ni gharama pia. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Barua inaahidi nembo kwenye jezi, halafu bajeti ina bei ya jezi tupu, bila ya kuchapa. Inaahidi matangazo 64, halafu hakuna mstari wa vipaza sauti. Inaahidi ripoti yenye picha, halafu hakuna mpiga picha. Kabla ya kupeleka barua, chukueni kalamu mchore mshale kutoka kila faida kwenda kwenye mstari wa bajeti unaoilipia. Faida isiyo na mshale haitatokea, na mdhamini atakumbuka hiyo moja akasahau zile nne. Mkifanya zoezi hilo mtaona pia mistari isiyo na mshale: waamuzi na huduma ya kwanza havimtangazi mtu, vinafanya mashindano yawe mashindano. Hiyo ni halali. Lakini bajeti yote ikiwa ya namna hiyo, mnaomba msaada tena.

Faida moja inahitaji uangalifu wa pekee, nayo ni mauzo uwanjani. Kiwanda kitapenda kusikia kwamba maji yake pekee ndiyo yatakayouzwa siku hizo 8, na kwenye karatasi ahadi hiyo ni rahisi. Uwanjani kuna akina mama na vijana wa madeli wanaouza maji pale kila Jumamosi tangu kabla kikundi hakijazaliwa. Mkiwafukuza, mtakuwa na ugomvi, na jina la mdhamini litakuwa ndani ya ugomvi huo. Njia inayowezekana ni kwenda kwao kwanza. Waulizeni kama watakubali kuuza maji ya kiwanda hicho kwa siku hizo, mradi kiwanda kiwaletee katoni uwanjani kwa bei ya jumla. Wakikubali, andikeni majina yao na sahihi zao, kisha barua iseme "wauzaji sita wa uwanjani wamekubali". Kama hawajakubali, msiahidi.

Kuhusu watazamaji, semeni ukweli mnaoweza kuuonyesha. "Maelfu ya watu" ni maneno yanayomfanya meneja masoko atabasamu. Kama mwaka jana mlipiga picha za umati mkahesabu watu kama 250 kwenye mechi ya pili ya siku, andikeni 250 na mwambatishe picha. Wala msizidishe mara 8 mkapata 2,000, kwa sababu wengi ni walewale wanaorudi kila wiki. Semeni wazi kwamba ni walewale: anayeuza maji anataka mtu aione nembo yake mara nyingi.

Yasiyoahidiwa

Wachezaji ni watoto kisheria, wako chini ya miaka 18. Msimpe mdhamini orodha ya majina na namba za simu za wachezaji au wazazi kama sehemu ya faida, hata akiiomba kwa upole. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mzazi aliyeandika namba yake ili aitwe mtoto akiumia hakuitoa ili atumiwe matangazo. Picha za wachezaji zitakazotumika kwenye tangazo zipate ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Fomu ya usajili iwe na nafasi yake. Kwa sababu hiyo hiyo ya umri, kampuni za bia na za kubashiri matokeo ziacheni, hata kama ndizo zinazojibu haraka.

Halafu kuna mgeni rasmi. Mashindano ya kata hayakosi diwani au mtia nia, na mgeni rasmi wakati mwingine huja na fulana zake, mabango yake na spika zake. Mdhamini aliyelipa 4,500,000 akajikuta amefunikwa siku ya fainali hatarudi. Kubalianeni mapema na mgeni, kwa heshima zake zote, kwamba nembo uwanjani ni ya mdhamini na hotuba ni dakika tano.

Neno moja kuhusu yale madaraja ya dhahabu, fedha na shaba ambayo watu huyanakili kutoka barua za makongamano makubwa. Mkiwa na kampuni moja mnayoiandikia, madaraja matatu yanamfundisha tu kuchagua la chini. Ningeweka ombi moja kamili na mlango mmoja wa pembeni: kama fedha yote haiwezekani, kiwanda kidhamini jezi na mabango tu, 2,340,000, na faida zipungue ziwe nembo kwenye jezi na mabango manne. Mlango huo ukitumika, mnabaki na 2,160,000 ya kutafuta kwingine, au mnarudi kwenye mtoano na kupunguza siku. Ujueni uamuzi huo kabla hamjaingia kwenye kikao.

Fedha zipite wapi

Hapa ndipo kampuni yenye nia njema hukwama. Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara wamekuwa wakitakiwa kutoa risiti za mashine za EFD, na mhasibu anazihitaji ili gharama ikubalike na Mamlaka ya Mapato. Kikundi chenu hakina mashine hiyo. Mkisema "tuwekeeni 4,500,000 kwenye akaunti", mhasibu atauliza risiti, na mtampa kipande cha kitabu cha stakabadhi cha dukani.

Barua iliyofikiriwa inaligawa lenyewe. Jezi, mabango, kombe na medali, jumla 2,640,000, kiwanda kiwalipe wauzaji moja kwa moja, na ankara ziandikwe kwa jina la kiwanda na namba yake ya mlipakodi. Kikundi hakigusi fedha hiyo, kinapokea bidhaa. Zinazobaki, 1,860,000 za waamuzi, huduma ya kwanza, vipaza sauti na picha, ziingie kwenye akaunti ya benki ya kikundi yenye watia sahihi wawili, kwa awamu mbili: nusu wiki moja kabla ya ufunguzi, nusu baada ya hatua ya makundi. Kila malipo yatakuwa na karatasi yenye jina, kazi, kiasi na sahihi ya aliyelipwa. Msiweke kamwe namba ya simu ya mtu binafsi, hata ya katibu mnayemwamini kama ndugu.

Mitego miwili hukaa hapa. Wa kwanza ni profoma isiyosema kama Kodi ya Ongezeko la Thamani imo. Fundi wa jezi aliyesajiliwa akiandika 2,160,000 kisha siku ya ankara akaongeza asilimia 18, deni linakuwa 2,548,800, na hizo 388,800 hazimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Dai neno "pamoja na kodi" liandikwe kwenye profoma. Wa pili ni kodi ya zuio. Kampuni inapolipia huduma inaweza kukata asilimia 5 na kuipeleka serikalini. Kwenye 1,860,000 hiyo ni 93,000, zaidi ya posho za waamuzi wa mechi moja. Muulizeni mhasibu mapema kama atakata. Akikata, akiba ya dharura ndiyo itakayoziba, na ndiyo kazi yake.

Kuipeleka na kuifuatilia

Barua ya ukurasa mmoja na nusu, bajeti ukurasa mmoja, profoma tatu, nakala ya cheti cha kikundi, utambulisho wa mtendaji wa kata na ruhusa ya mwalimu mkuu ya kutumia uwanja. Zaidi ya hapo hakuna anayesoma. Ipelekwe wiki nane hadi kumi kabla ya ufunguzi. Jezi 144 zinahitaji wiki mbili hadi tatu kwa fundi, na kabla ya hapo kiwanda kinahitaji muda wa dokezo, kikao, na kukubali mchoro wa nembo. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe "IMEPOKELEWA" na tarehe, mrudi nayo.

Iandikwe kwa cheo, "Meneja Masoko", baada ya kupiga simu mapokezi kuuliza kama cheo hicho kipo. Baada ya siku saba za kazi, mtu mmoja apige simu. Mazungumzo yawe mafupi: "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Napiga kuhusu barua yetu ya udhamini iliyopokelewa tarehe 5, ya mashindano ya vijana. Nilitaka kujua kama kuna maelezo yanayokosekana ili tuyalete." Swali hilo linajibika. "Mmefikia wapi?" linamweka mtu wa watu kwenye kona.

Wakikubali, tafuteni makubaliano ya kurasa mbili yenye sahihi za pande zote. Yarudie ile mistari saba na zile faida, kisha yaongeze kipengele ambacho barua haikuwa nacho: mashindano yakiahirishwa kwa msiba, mvua au amri ya serikali, fedha ambazo hazijatumika zinarudi au zinasubiri tarehe mpya, na nani anaamua. Jezi zilizokwisha kuchapwa hazirudi, hilo nalo liandikwe.

Ndani ya siku 14 baada ya fainali, kikundi kinapeleka ripoti. Inafuata mistari ile ile saba, kwa mpangilio ule ule, na safu mbili: tulichopanga, tulichotumia. Kwenye faida, idadi iliyofikiwa: jezi 144 zimetolewa na makocha wanane wamesaini, matangazo yamesomwa mara 61 badala ya 64 kwa sababu umeme ulikatika Jumapili ya pili. Hiyo 61 iandikwe kama ilivyo. Na kama kwenye mstari wa vipaza sauti zimebaki 50,000 kwa sababu ya Jumapili hiyo hiyo, msizihamishie kwenye soda za kikao cha tathmini. Ziandikwe kuwa zimebaki, na barua ya kusindikiza ripoti imuulize meneja masoko kama zirudishwe kiwandani au ziingie kwenye ombi la mwakani.